Kikao cha saa moja kinachoisha saa nne usiku

*Kwako Mwalimu,*

*Mimi ni katibu mpya wa kamati ya chama cha wakazi, mtaa mmoja huku Embakasi. Tuko wanakamati tisa na katiba yetu inasema akidi ni watano. Tunakutana Alhamisi ya kwanza ya mwezi, saa moja jioni, na mwaliko husema kikao ni cha saa moja tu. Mwezi uliopita tulitoka saa nne kasorobo.*

*Ajenda niliyorithi haibadiliki: maombi, kusoma kumbukumbu, yatokanayo, maji, usalama, fedha, takataka, mengineyo. Pampu ya kisima imekufa na tunanunua maji ya boza. Tumeijadili vikao viwili. Kumbukumbu zinasema "ilikubaliwa suala la pampu lishughulikiwe." Fundi alipokuja kudai malipo ya awali, mweka hazina alikataa kutoa hata shilingi, eti hakuna kilichoamuliwa. Mwenzetu anayesimamia maji anaapa kwamba kiliamuliwa.*

*Kikao kijacho tuna pampu hiyo na pia mkataba wa walinzi unaoisha mwisho wa mwezi. Mwenyekiti ni mzee wa watu, mwalimu mkuu mstaafu, na hapendi kumkatiza mtu. Nipange ajenda vipi ili saa moja itoshe na maamuzi yaandikwe yakaeleweka? Na mzee nimwambieje?*

*Katibu, Embakasi*

Dada katibu,

Anza na hesabu ya vinywa. Watu tisa wakizungumza dakika mbili mbili tu juu ya pampu, dakika 18 zimekwenda na hakuna swali lililojibiwa wala mkono ulioinuliwa. Ongeza anayeleta taarifa, ongeza maswali, ongeza kura, unakaribia nusu saa. Mambo manane hayawezi kuingia katika saa moja ya namna hiyo hata wajumbe wote wawe malaika. Shida haikuanza Alhamisi jioni watu walipofungua midomo, ilianza siku ulipochapa ile ajenda.

Wala si kwenu tu. Kanuni za mikutano ambazo watu wengi wanaziiga bila kujua zilikotoka zilichapishwa mwaka 1876 na mhandisi wa jeshi la Marekani, Henry Martyn Robert. Humo kila mjumbe anaruhusiwa kuzungumzia hoja moja mara mbili, kila mara asizidi dakika kumi. Piga hesabu kwa watu tisa: dakika 180. Saa tatu kamili kwa hoja moja, na hakuna aliyevunja kanuni. Kwa hiyo mkitaka saa moja, kikomo lazima mjiwekee wenyewe, na kitokane na idadi ya watu mlio nao mezani. Umuhimu wa jambo hausaidii kukipanga, maana kila mtu huona lake ndilo muhimu.

Kwa kamati ya watu tisa, mimi huhesabu hivi: saa moja ina nafasi ya uamuzi mmoja mzito na mwingine wa wastani. Basi. Kila kitu kingine kiende kwenye karatasi kabla ya kikao, au kisubiri.

Sasa pitia ajenda yako na uulize kila jambo swali moja: tunataka kamati ifanye nini nalo? Takataka, kwa mfano. Kama gari linakuja Jumanne na Ijumaa na hakuna anayelalamika, hakuna cha kuamua. Andika mistari miwili kwenye mwaliko na uiondoe kwenye ajenda. Fedha vilevile: mweka hazina atume ukurasa mmoja, kilichoingia, kilichotoka, salio la kila mfuko na nyumba ngapi zinadaiwa, na kwenye kikao abakishiwe dakika za maswali pekee. Na kumbukumbu zisisomwe kwa sauti. Najua wazee wanapenda zisomwe, lakini kurasa tatu zikisomwa polepole zinakula dakika kumi, na kila sentensi inamfungulia mtu mlango wa kuanza upya mjadala wa mwezi jana. Zitumwe kwa WhatsApp siku tano kabla, na kikaoni mwenyekiti aulize tu kama kuna masahihisho. Yakiisha, mmoja apendekeze, mwingine aunge mkono, mzee atie sahihi.

Kinachobaki ndicho ajenda. Kwa kikao chako kijacho ningeiandika hivi:

AJENDA: Alhamisi, saa 1:00 hadi saa 2:00 usiku

1. Maombi, akidi, kutangaza maslahi. Mwenyekiti. Saa 1:00–1:03
2. Masahihisho ya kumbukumbu na kuzithibitisha. Katibu. Saa 1:03–1:07
3. Yatokanayo: orodha ya maamuzi yaliyopita, limefanyika au halijafanyika. Katibu. Saa 1:07–1:12
4. KUAMUA: (a) Je, tununue pampu mpya au tukarabati ya zamani? (b) Kwa muuzaji au fundi yupi, kwa bei isiyozidi kiasi gani, na kutoka mfuko upi? Mwanakamati wa maji. Saa 1:12–1:36
5. KUAMUA: Je, tuongeze mkataba wa walinzi kwa miezi mitatu kwa bei ya sasa, au tuuache uishe? Mwanakamati wa usalama. Saa 1:36–1:48
6. TAARIFA: maswali juu ya ukurasa wa fedha. Mweka hazina. Saa 1:48–1:52
7. Mengineyo yaliyomfikia katibu kabla ya Jumanne, au akiba ya muda. Saa 1:52–1:55
8. Kusoma maamuzi yote, tarehe ya kikao kijacho. Katibu. Saa 1:55–2:00

Utaona nimeandika saa yenyewe badala ya "dakika 24". Mtu akiona "dakika 24" hajui zilianza lini. Akiona 1:36 anatazama simu yake na anajua kama amechelewa, bila kuambiwa na mtu.

Utaona pia pampu haiko mwanzo wala mwisho. Ikiwa ya kwanza, wale waliokwama Outering Road au Jogoo Road watafika saa moja na dakika kumi na kutaka waelezwe kila kitu upya. Ikiwa ya mwisho, wenye watoto wadogo na wenye zamu za usiku watakuwa wameanza kuondoka, na unaweza kujikuta na watu wanne mezani, akidi imevunjika, na kura mliyopiga haina nguvu. Dakika ya 12 watu wamefika na bado wana akili. Andika kwenye kumbukumbu saa mtu alipoingia na alipotoka. Siku uamuzi utakapopingwa, hilo ndilo litakaloulizwa kwanza.

Lile jambo la pampu lina maswali mawili ndani yake, na hapo ndipo vikao vyenu viwili vilipopotelea, nadhani. Ajenda iliyoandikwa "Maji" inamruhusu mmoja azungumzie bei za wauzaji, mwingine aseme fundi wa zamani angeweza kuitengeneza, wa tatu alalamikie boza, na wote wako ndani ya mada. Mnabishana juu ya muuzaji kabla hamjakubaliana kama mnanunua. Tenganisha. Swali (a) lipigiwe kura likafungwa, ndipo (b) lifunguliwe.

Dakika 24 zenyewe zigawe hivi. Anayesimamia maji apewe tatu za kueleza, na asisome bei, kwa sababu karatasi ya bei mlitumiwa siku tano nyuma. Tuseme inaonyesha wauzaji watatu: Sh168,000 bila kufunga, Sh185,000 na kufunga bila dhamana, Sh212,000 na kufunga pamoja na dhamana ya mwaka mmoja. Chini kuna ukarabati wa pampu ya zamani kwa Sh62,000, na salio la mfuko wa matengenezo ni Sh240,000. Baada ya hapo, dakika tano za maswali ya kuelewa tu. "Je, hiyo ya 168 ukiongeza kufunga inafika ngapi?" ni swali. "Mimi naona hiyo ya 168 ni ya kichina, itakufa Januari" si swali, na mwenyekiti amwambie mwenzetu asubiri zamu yake.

Halafu zamu. Ukiondoa mwenyekiti na aliyeleta jambo, mmebaki saba. Kila mmoja dakika moja na nusu, jumla karibu 11. Mzunguke meza, na atakayesema "sina la kuongeza" ashukuriwe. Ombi langu moja ni kwamba zamu ianze kwa vijana na wanakamati wapya, wazee wamalizie. Mmoja wa wazee akitangulia kusema "tununue", nani atamfuata aseme "tukarabati"? Akimaliza yeye, atakuwa amesikia wote, na heshima yake iko pale pale. Wewe katibu uwe wa kwanza kabisa, useme lako halafu urudi kwenye kalamu. Katibu anayebishana huku anaandika huandika hoja zake vizuri na za wengine kwa mkato.

Tano za mwisho ni za kuamua. Hizi zilindwe kuliko zote. Kamati nyingi hutumia muda wote kujadili, kisha saa inapokwisha mwenyekiti anasema "basi nafikiri tumeelewana", na hapo ndipo "lishughulikiwe" huzaliwa.

Saa ikifika 1:36 na hamjaamua? Hapa ndipo vikomo vya muda hufia, kwa sababu hakuna aliyesema mapema kitatokea nini muda ukiisha. Andika chini ya ajenda kwamba mwenyekiti atauliza mambo matatu, na kamati ichague moja kwa kuinua mikono, bila mjadala. Moja, tupige kura sasa hivi. Pili, tuongeze dakika tano, mara moja tu, na anayeomba aseme zinatoka jambo gani: "zitoke kwenye fedha na akiba." Dakika hazianguki kutoka mbinguni, na mtu akilazimika kutaja anayemnyang'anya, mara nyingi hughairi. Tatu, tuahirishe.

Kuahirisha nako ni uamuzi na kuandikwe kama uamuzi. Kuna habari gani inayokosekana, nani ataileta, siku gani, na mpaka siku hiyo maji yatapatikana vipi na kwa fedha ipi. Hilo la mwisho husahaulika. Kama boza moja inawagharimu Sh6,000 na mnahitaji mbili kwa wiki, kuahirisha wiki nne ni Sh48,000. Kiasi hicho kikitamkwa mezani, utashangaa jinsi mikono inavyopatikana haraka kwa kura.

Sasa kuandika. Robert huyo huyo alisema kazi ya katibu hasa ni kuandika kilichofanywa na mkutano, si yaliyosemwa na wajumbe. Kwa hiyo acha "Bw. fulani alisema kwa uchungu kwamba maji ni uhai." Kinachotakiwa ni maneno ambayo mweka hazina, ambaye ndiye mwenye kitabu cha hundi, akiyasoma wiki mbili baadaye hana swali lililobaki.

Njia ya kuyapata ni kuyasoma kwa sauti palepale, kabla jambo linalofuata halijafunguliwa. Mwenyekiti akisema limepita, wewe inua mkono: "Mzee, naomba nisome nilichoandika." Soma: "Kamati imeamua pampu mpya inunuliwe kwa muuzaji wa tatu." Ngoja. Mweka hazina atauliza, "Kwa bei gani?" Ongeza. "Inalipwa yote mara moja?" Mtu ataguna, wengine watasema nusu kwanza. Ongeza. "Nani atasimama pale wakifunga?" Ongeza jina. Hapo hamjatumia hata dakika mbili, na ugomvi wa miezi miwili umekwisha kabla haujaanza. Sentensi ikikataa kukamilika, yaani mmoja anasema bei hii na mwingine ile, basi fahamu kwamba hamkuwa mmeamua, mlikuwa mmechoka tu. Afadhali mjue wakati bado mmekaa.

Hivi ndivyo ingekaa kwenye kumbukumbu, tukichukulia wamechagua hiyo ya Sh212,000:

KUMB 4/7: PAMPU YA KISIMA
Uamuzi: Pampu mpya inunuliwe kwa muuzaji wa tatu kwa bei isiyozidi Sh212,000, pamoja na kufunga na dhamana ya mwaka mmoja kwa maandishi.
Fedha: Mfuko wa matengenezo. Nusu ilipwe kwa kuagiza, nusu baada ya pampu kufanya kazi siku mbili bila hitilafu.
Wahusika: Mwanakamati wa maji kuagiza na kusimamia, mweka hazina kulipa.
Mwisho: Iwe imefungwa kufikia Jumamosi ya tarehe 19.
Kura: Watano waliunga mkono, wawili walipinga, mmoja hakupiga. Mwenyekiti hakupiga kura.

Basi, hakuna zaidi. Nimeandika mwenyekiti hakupiga kura kwa sababu vyama vingi humwachia kura ya uamuzi, idadi ikilingana. Angalia katiba yenu inasemaje. Kama mmoja wa wale wawili anataka ionekane kwamba alipinga, mwandikie mstari mmoja wenye jina lake, bila hotuba. Na kama mwanakamati ana ndugu miongoni mwa wauzaji, hilo litangazwe kwenye jambo la kwanza, liandikwe, na yeye asipige kura ya (b). Likijitokeza katikati ya mjadala litakula dakika zenu zote na kuacha kisasi juu yake.

Nambari usiipuuze. Ile 4/7 ni jambo la nne la kikao cha mwezi wa saba. Mweka hazina ataiandika kwenye vocha ya malipo, na mkaguzi akija ataifuata kutoka kwenye vocha hadi kwenye uamuzi bila kumuuliza mtu.

Jambo la walinzi nimelipa dakika 12 kwa sababu nimelipunguza. "Tuchague kampuni ya ulinzi" halitoshi katika dakika 12, linahitaji bei za kampuni tatu, mazungumzo na wakazi, pengine kikao chake. Lakini mkataba unaisha mwisho wa mwezi na lango haliwezi kubaki wazi. Basi swali linalotoshea ni dogo: tuongeze miezi mitatu ili tupate nafasi ya kutafuta, au tuache uishe? Jambo likizidi muda ulio nao, punguza swali badala ya kuwabana watu wazungumze haraka. Kabla ya Alhamisi, mwanakamati wa usalama asome kifungu cha notisi kwenye mkataba, maana ukiwa unasema notisi ni siku 30, huenda mmeshachelewa na swali lenyewe linabadilika.

Kwenye yatokanayo, usisome kumbukumbu tena kwa mlango wa nyuma. Leta orodha ya maamuzi yenye nambari, jina na tarehe, na kila mhusika ajibu neno moja: limefanyika, au halijafanyika. Ambalo halijafanyika lipewe tarehe mpya. Linalohitaji mjadala liingie ajenda ya mwezi ujao likiwa limeandikwa kama swali. Dakika tano zinatosha maamuzi kumi.

Mengineyo ndiyo yatakayokusumbua zaidi. Kuna mtu, kila kamati anaye, ambaye hunyamaza kikao kizima halafu saa mbili kasoro dakika tano anasema "nina jambo dogo". Andika kwenye mwaliko kwamba jambo ambalo halijamfikia katibu kabla ya Jumanne linaweza kutangazwa lakini haliwezi kuamuliwa. Si ukali huo. Mwanakamati asiyekuwepo angekuja kama angejua kuna jambo kama hilo, na si haki liamuliwe nyuma yake. Dharura ya kweli, mfano bomba kupasuka mchana huo, mwenyekiti ana haki ya kuiingiza mwanzoni kabisa, na mseme ni jambo lipi linatoka kuipisha.

Pale pembeni ya nakala yako ya ajenda, andika kwa kalamu saa halisi kila jambo lilipoanza na kuisha. Usimwonyeshe mtu mwanzoni. Baada ya vikao vitatu itakueleza ugonjwa uko wapi. Yatokanayo yakizidi kila mara, maamuzi yenu hayana majina wala tarehe. Jambo la kuamua likizidi kwenye dakika zile za maswali, karatasi hazikutumwa mapema au hazikusomwa. Likizidi kwenye zile tano za mwisho, swali liliandikwa vibaya, pengine mawili ndani ya moja. Na kikao kikianza saa moja na robo kila mwezi, basi robo saa hiyo irudishwe kwenye mpango: andikeni mwanzo ni saa moja na robo, au mwanze na watano waliopo, maana akidi mnayo.

Kuna mambo ambayo saa hii haiyawezi hata uyapange vipi. Bajeti ya mwaka, malalamiko dhidi ya mwanakamati mwenzenu, kubadilisha katiba. La kwanza lipewe kikao chake. La pili liwe na kikao cha jambo moja, ambapo anayelalamikiwa anasikilizwa bila saa kumpigia kelele. La tatu kwa kawaida si la kamati hata kidogo, ni la mkutano mkuu wa wanachama, sawa na kupandisha ada ya kila nyumba kwenye katiba nyingi. Kabla ya kuandika KUAMUA mbele ya jambo lolote, hakikisha katiba yenu inawapa kamati mamlaka hayo.

Tuje kwa mzee. Usimwambie kwamba vikao vinachelewa, anajua, naye ndiye anayekaa mbele. Nenda kwake jioni moja, kabla ajenda haijatumwa, ukiwa na rasimu. Mwambie, "Mzee, nimeleta ajenda uipitie kabla sijaituma." Hiyo ni kazi ya katibu kwa mwenyekiti popote pale, hakuna atakayeona umemvuka. Mpitishe jambo moja moja, mwache abadilishe dakika apendavyo ilimradi jumla ibaki 60. Akiongeza tano kwa walinzi, muulize kwa upole, "Tuzitoe wapi, mzee?" Mwalimu mkuu amepanga ratiba za shule miaka mingi, hatahitaji kufundishwa kwamba kipindi kimoja kikirefushwa kingine kinafupishwa. Ratiba ambayo ameigusa kwa kalamu yake ataitetea mwenyewe Alhamisi.

Kisha mwombe ateue mtunza saa, na asiwe yeye wala wewe. Mtu mmoja mpole wa kamati, simu mezani, kazi yake maneno mawili tu: "dakika mbili" zinapobaki mbili, na "muda" zinapokwisha. Hivyo mzee halazimiki kumkatiza jirani yake anayesali naye Jumapili. Anayekatiza ni saa, na mzee anabaki na ile sehemu anayoiweza vizuri zaidi ya kijana yeyote: kugeuka na kumwambia msemaji, "Asante, tumekusikia. Tuamue sasa, tuongeze, au tuahirishe?"

Maamuzi yale matatu au manne yatume kwenye kundi la kamati usiku huohuo, kama ulivyoyasoma mezani. Kumbukumbu kamili zinaweza kusubiri hadi Jumatatu. Atakayekuwa na pingamizi juu ya maneno aliseme wakati bado kila mtu anakumbuka, na masahihisho yaingie kwenye jambo la pili la kikao kijacho, pale kwenye dakika zake nne.